C'est… qui na c'est… que: kukazia sehemu moja ya sentensi ya Kifaransa

Mtu akiuliza ni nani aliyemuuza mbuzi, Mswahili hatajibu tu kwamba Rehema alimuuza mbuzi. Atasema "Rehema ndiye aliyemuuza", au "ni Rehema aliyemuuza". Hilo *ndiye*, pamoja na kirejeshi *-ye-* kilichojificha ndani ya kitenzi, linamsogeza Rehema mbele. Mengine yote yanabaki nyuma kama jambo ambalo msikilizaji keshalijua. Kifaransa kinafanya kazi hiyohiyo kwa *c'est… qui* na *c'est… que*:

*C'est Rehema qui a vendu la chèvre.*

Kwa nini Mfaransa asikaze sauti tu kwenye jina? Kwa sababu mkazo wa kawaida wa Kifaransa huangukia silabi ya mwisho ya kundi la maneno, hata kama neno muhimu liko mwanzoni. Ukisema *Rehema a vendu la chèvre* huku umelipandishia sauti jina la kwanza, msikilizaji anaweza kudhani ni lafudhi yako tu. Ili asikose kuelewa, unabadilisha umbo la sentensi. Vitabu vya sarufi huliita jambo hili *mise en relief*.

Anayejua Kiswahili basi anaanza na mtaji, kwa kuwa wazo lenyewe si geni kwake. Ila makosa yake mengi yanatokea pale lugha hizi mbili zinapofanana nusu na kutengana nusu, na hapo ndipo mwongozo huu utakapokaa kwa muda mrefu.

## Sentensi moja, vipande vitano

Tuchukue sentensi hii:

*Rehema a vendu la chèvre à Baraka samedi au marché.*
(Rehema alimuuzia Baraka mbuzi Jumamosi sokoni.)

Hatua ya kwanza ni kujua swali lililo hewani, liwe limeulizwa au la. Nani aliuza? Kiliuzwa nini? Aliuziwa nani? Lini? Wapi? Jibu la swali hilo ndilo kipande utakachokitoa mbele.

Hatua ya pili ni kukiondoa kipande hicho kizimakizima, pamoja na kihusishi chake kama kinacho, na kukiweka baada ya *c'est*. Kipande cha mpokeaji hapa ni *à Baraka*, si *Baraka* peke yake. Cha mahali ni *au marché*, si *le marché*.

Hatua ya tatu ni kuuliza swali moja tu: kipande hiki kilikuwa kiima cha kitenzi? Kama ndiyo, weka *qui*. Kama siyo, weka *que*, bila kujali ni kitu, mtu, wakati, mahali, sababu au namna.

Hatua ya nne ni kuyaandika maneno yaliyobaki kwa mpangilio uleule yaliokuwa nao. Pale ulipong'oa kipande pabaki patupu. Usipajaze kwa kiwakilishi.

Tukifanya hivyo kwa kila kipande, tunapata:

*C'est Rehema qui a vendu la chèvre à Baraka samedi au marché.* Rehema, si dada yake.

*C'est la chèvre que Rehema a vendue à Baraka.* Mbuzi, si kondoo.

*C'est à Baraka que Rehema a vendu la chèvre.* Kwa Baraka, si kwa jirani.

*C'est samedi que Rehema a vendu la chèvre.* Jumamosi, si Jumapili.

*C'est au marché que Rehema a vendu la chèvre.* Sokoni, si nyumbani.

Angalia mambo mawili. Kwanza, kati ya sentensi tano, moja tu ina *qui*, kwa sababu kiima ni kimoja. Pili, katika sentensi ya mbuzi *vendu* limegeuka kuwa *vendue*. Tutalirudia hilo. Ona pia kwamba sentensi nne za mwisho zimeachia baadhi ya maneno njiani. Hilo ni jambo la kawaida kabisa: yale ambayo msikilizaji anayajua hayana haja ya kurudiwa yote.

Kitenzi chenyewe hakiingii katika muundo huu. Huwezi kusema *\*c'est vendu que Rehema a…*. Ukitaka kukazia tendo (aliuza, hakugawa bure), Kifaransa kina njia nyingine: *Ce que Rehema a fait, c'est vendre la chèvre.* Yaani, alichofanya Rehema ni kumuuza mbuzi.

## Qui si "nani", que si "nini"

Huu ndio mtego wa kwanza, na chanzo chake ni masomo ya mwanzo kabisa. Mwanafunzi amefundishwa kwamba *qui ?* ni "nani?" na *que ?* ni "nini?". Akifika kwenye *c'est*, anaweka *qui* kwa watu na *que* kwa vitu. Anaandika *\*c'est Amina qui j'attends* na *\*c'est la pluie que a abîmé le toit*. Zote mbili ni makosa. Sahihi ni:

*C'est Amina que j'attends.* (Amina ndiye ninayemsubiri.)
*C'est la pluie qui a abîmé le toit.* (Mvua ndiyo iliyoharibu paa.)

Amina ni mtu, lakini hapa anasubiriwa, hasubiri. Mvua si mtu, lakini ndiyo iliyotenda. Kifaransa kinaangalia kazi ya neno katika sentensi, hakiangalii kama ni mtu au kitu.

Kiswahili hakitusaidii hapa, kwa sababu kirejeshi chetu kinafuata ngeli wala si kazi ya neno. *-ye-* ni ileile, awe mtenda au mtendwa. Chukua "Rehema ndiye aliyemwona Baraka". Bila muktadha, sentensi hiyo inaweza kumaanisha Rehema alimwona Baraka, au kwamba Rehema ndiye yule ambaye Baraka alimwona. Sisi tunaishi na utata huo bila shida. Kifaransa hakiuruhusu:

*C'est Rehema qui a vu Baraka.* (Rehema aliona.)
*C'est Rehema que Baraka a vue.* (Rehema alionwa.)

Kipimo cha haraka kiko upande wa kulia. Tazama neno linalofuata baada ya nafasi ya *qui* au *que*. Kama kitenzi kinafuata moja kwa moja na hakina mtenda mwingine, ni *qui*. Kama tayari yupo mtenda (*je, tu, il, Baraka, les enfants*), ni *que*. Vijineno kama *me, te, l', ne, y, en* visikuchanganye, kwa sababu hivyo si watenda. Linganisha:

*C'est toi que je cherche.* (Wewe ndiye ninayekutafuta.)
*C'est toi qui me cherches.* (Wewe ndiye unayenitafuta.)

Katika maandishi ya zamani au ya kifasihi, na hata katika mazungumzo ya kawaida, mtenda anaweza kusukumwa nyuma ya kitenzi: *C'est là qu'habite mon oncle.* Kipimo chetu kinayumba kidogo hapo, lakini *mon oncle* bado ndiye anayeishi, na *que* imebaki.

Kuhusu tahajia, *que* hukatwa mbele ya irabu na kuwa *qu'*: *c'est demain qu'elle arrive*. *Qui* haikatwi kamwe: *c'est elle qui arrive*. Anayeandika *\*c'est elle qu'arrive* amegeuza kiima kuwa kitu kingine. Na kwa wanaofanya imla, kuna jozi inayowaangusha wengi, kwa sababu matamshi ni mamoja kabisa:

*C'est Baraka qui l'a vu.* (Baraka ndiye aliyekiona, au aliyemwona.)
*C'est Baraka qu'il a vu.* (Baraka ndiye aliyeonwa naye.)

Sikio halitakuambia lolote. Lazima usubiri sentensi inayofuata, au ukumbuke iliyotangulia, ndipo uamue.

## Kihusishi ambacho Kiswahili kimekimeza

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu Kiswahili hukificha kihusishi ndani ya kitenzi. "Uza" inakuwa "uzia", "piga" inakuwa "pigia", "omba" inakuwa "ombea". Tunaposema "Baraka ndiye ambaye Rehema alimuuzia mbuzi", hakuna neno linalosimama peke yake kuwakilisha *à*. Matokeo yake mwanafunzi anaandika *\*c'est Baraka que Rehema a vendu la chèvre*. Mfaransa akiisikia hiyo, kwanza anaelewa kwamba Baraka ndiye aliyeuzwa, kisha anakutana na mbuzi na kuchanganyikiwa.

Dawa ni kutoanzia kwenye Kiswahili. Andika kwanza sentensi ya Kifaransa isiyo na msisitizo, *Rehema a vendu la chèvre à Baraka*, kisha ng'oa *à Baraka* kama kilivyo. Hii inakulazimisha kujua kila kitenzi kinaambatana na kihusishi gani, na hapo Kifaransa na Kiswahili hupishana mara nyingi. *Téléphoner*, *parler*, *répondre*, *demander* (kumuuliza au kumwomba mtu) na *ressembler* hudai *à*:

*C'est à Asha que j'ai téléphoné.* (Asha ndiye niliyempigia simu.)
*C'est à sa grand-mère qu'elle ressemble.* (Bibi yake ndiye anayefanana naye.)

Lakini *attendre*, *écouter*, *regarder*, *chercher* na *aider* havidai kitu. Kwa hiyo *c'est Asha que j'aide*, bila *à*. Na *avoir besoin*, *parler* kwa maana ya kuzungumzia, na *se souvenir* hudai *de*: *C'est de toi que nous parlions.*

Upande wa pili wa kosa hili ni kukiweka kihusishi mara mbili: *\*c'est à Asha à qui j'ai téléphoné*, *\*c'est de toi dont nous parlions*. Utayasikia hata kwa watu waliozaliwa na Kifaransa, na *c'est de cela dont il s'agit* hupita sana katika hotuba. Katika maandishi ya shule au ya kazi hukatwa kwa wino mwekundu. Kihusishi kinakaa mahali pamoja tu. Kikiwa mbele, baada ya *c'est*, neno la kuunganisha ni *que* tupu. Kama jina limekaa mbele bila kihusishi, basi kihusishi kinahamia kwenye kirejeshi:

*C'est de ce médicament que j'ai besoin.*
*C'est le médicament dont j'ai besoin.*

Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inachagua: dawa hii, si ile. Ya pili inaitambulisha tu: hii hapa ndiyo dawa ninayoihitaji. Kukosea ni kuzichanganya.

## Ndipo, ndiko, ndivyo

Mtego huohuo unajirudia kwenye mahali na wakati. Kiswahili kina *ndipo*, *ndiko* na *ndimo*, kila moja na kirejeshi chake, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye *où* au *quand*. Wengi huandika *\*c'est à Bukavu où j'ai grandi*. Lakini *à Bukavu* tayari ina kihusishi chake, basi:

*C'est à Bukavu que j'ai grandi.* (Bukavu ndiko nilikokulia.)
*C'est le 30 juin 1960 que le Congo est devenu indépendant.* (Tarehe 30 Juni 1960 ndipo Kongo ilipopata uhuru.)

*Où* hurudi pale tu jina la mahali linapokuja bila kihusishi: *C'est la ville où j'ai grandi*, huu ndio mji nilikokulia. Ni mantiki ileile ya dawa hapo juu. *C'est là où* husikika mitaani na hata redioni. Ukiandika, shika *c'est là que*.

*Ndivyo* ni *c'est ainsi que*, au kwa lugha ya kila siku *c'est comme ça que*: *C'est comme ça qu'on prépare le fufu.* Na "ndiyo maana" ina sura mbili zinazogombana: *c'est pour ça que* ina *que*, lakini *c'est pourquoi* haina. Usiandike *\*c'est pourquoi que je suis venu*.

## Kiwakilishi kinachobaki bila kazi

Tukisema "Amina ndiye niliyemwona", ile *-m-* ya mtendwa inabaki ndani ya kitenzi, na ikitoka sentensi inachechemea. Kifaransa ni kinyume. *Que* yenyewe ndiyo mtendwa, na kuongeza kiwakilishi ni kuwahesabu watu wawili mahali pa mmoja:

*\*C'est Amina que je l'ai vue.* Kosa.
*C'est Amina que j'ai vue.* Sahihi.

Vivyo hivyo *je lui ai parlé* inakuwa *c'est à lui que j'ai parlé*, bila *lui* ya pili. Kiwakilishi kikitoka mbele hubadilika sura na kuwa kimoja cha hivi: *moi, toi, lui, elle, nous, vous, eux, elles*. Kwa hiyo *je les attends* ikikaziwa inakuwa *ce sont eux que j'attends*, si *\*c'est les que…*.

Hapa pia ndipo lile *-e* la *vendue* linapotoka. Mtendwa akiwa mbele ya kitenzi cha *avoir*, kitenzi kinafuata jinsia na idadi yake: *la chèvre que Rehema a vendue*, *les lettres que j'ai écrites*. Mara nyingi halisikiki, lakini katika vitenzi kama *écrire, prendre, mettre, faire* linasikika wazi: *C'est cette photo que j'ai prise.* Sharti ni awe mtendwa wa moja kwa moja. Katika *c'est à Amina que j'ai parlé*, *parlé* haibadiliki, kwa sababu *à Amina* si mtendwa wa aina hiyo.

## C'est moi qui ai, si c'est moi qui a

Katika mtego huu Kiswahili kinakuokoa, ukikisikiliza. Kitenzi baada ya *qui* hufuata nafsi ya kile kilichotajwa mbele:

*C'est moi qui ai fermé la porte.*
*C'est toi qui as la clé.*
*C'est nous qui sommes en retard.*
*C'est vous qui avez raison.*
*Ce sont eux qui ont payé.*

Wengi, wakiwemo Wafaransa wenyewe, huponyokwa na *\*c'est moi qui a fermé*, kwa sababu *qui* inasikika kama nafsi ya tatu. Sasa jiulize: unaweza kusema "ni mimi aliyefunga mlango"? Sikio la Kiswahili linakataa. Tunasema "ni mimi niliyefunga", "ni sisi tuliochelewa". Kile kiambishi cha *ni-*, *u-*, *tu-*, *m-* unachokisikia kichwani ndicho kinachokuambia *ai*, *as*, *sommes* au *avez*. Hata wanaosema "mimi ndiye" badala ya "ndimi" bado wanasema "mimi ndiye niliyefunga".

Na vitenzi vinavyobeba *se* vinafuata njia hiyohiyo: *C'est moi qui me suis trompé*, si *\*qui s'est trompé*. Mwanamke anayeandika ataongeza *e*: *C'est moi qui me suis trompée.* Ukiwa wewe na mwenzio, mnakuwa *nous*: *C'est Ali et moi qui avons préparé le repas.*

Kuhusu *c'est* au *ce sont*: maandishi ya heshima hupendelea *ce sont* mbele ya wingi wa nafsi ya tatu, *ce sont les enfants qui crient*, mazungumzo yanaridhika na *c'est les enfants qui crient*. Kwa *nous* na *vous* ni *c'est* daima. Na kama kuna kihusishi mbele, ni *c'est* pia, hata kwa wingi: *C'est aux enfants que je parle.* Wakati wa *c'est* unaweza kubaki wa sasa hata jambo likiwa la miaka mingi iliyopita, kama ulivyoona kwenye tarehe ya uhuru. *C'était* na *ce sera* zipo, lakini anayeanza hana haja ya kuzihangaikia.

## Ukanushaji una mahali pawili

Kiswahili kinatofautisha "si Juma aliyelipa" na "Juma ndiye ambaye hakulipa". Kifaransa nacho kinatofautisha kwa kuhamisha *ne… pas*:

*Ce n'est pas Juma qui a payé, c'est Halima.* Pesa imelipwa, ila mlipaji si Juma.
*C'est Juma qui n'a pas payé.* Wengine wamelipa. Anayedaiwa ni Juma.

Ukikosea mahali pa kukanusha, utakuwa umemsingizia Juma deni. *Personne* na *rien* haviingii baada ya *c'est* katika muundo huu. "Hakuna aliyelipa" ni *personne n'a payé*, basi.

## Kipimo cha kutambua, na wakati wa kuuacha

Si kila *c'est… qui* ni msisitizo. *C'est un médecin qui travaille à Goma*, kama jibu la "huyu ni nani?", ni maelezo tu: ni daktari anayefanya kazi Goma. Kipimo ni kuondoa *c'est* na *qui* au *que*, kisha kukirudisha kipande mahali pake. Ikibaki sentensi kamili inayosema jambo lilelile, ulikuwa msisitizo: *C'est à Baraka que Rehema a vendu la chèvre* inarudi kuwa *Rehema a vendu la chèvre à Baraka*. Ukiondoa kwenye *c'est la ville où j'ai grandi*, unabaki na *\*la ville j'ai grandi*, ambayo haisimami. Basi huo si muundo wetu. Wala *c'est que* ya kueleza sababu siyo: *S'il ne répond pas, c'est qu'il dort*, asipojibu, basi amelala.

Muundo huu unabeba dhana kwamba msikilizaji anajua sehemu iliyobaki. Ukimpigia rafiki simu na kuanza na *C'est Rehema qui a vendu la chèvre* wakati hajasikia habari ya mbuzi yeyote, atauliza "mbuzi gani?". Ni sawasawa na kuanza mazungumzo kwa "Rehema ndiye aliyemuuza". Habari mpya nzima husemwa kwa sentensi ya kawaida. Tarehe na mahali vina uhuru zaidi. Mwandishi anaweza kufungua aya kwa *C'est en 1962 que le Burundi…* bila kumshangaza mtu.

Maswali yanatumia mtambo huohuo. *Est-ce que* ni *c'est que* iliyogeuzwa, na ndiyo maana *qui est-ce qui t'a appelé ?* humwuliza mtenda, na *qui est-ce que tu as appelé ?* humwuliza mtendwa. Lile neno la mwisho linafuata sheria yetu. Katika maongezi ya kirafiki utasikia pia *c'est qui qui a pris ma chaise ?* na *c'est quand que tu pars ?* Yaelewe, lakini usiyaandike kwenye barua ya kuomba kazi.

## Sentensi sita za kusahihisha

Ziba majibu kwanza, sahihisha, kisha linganisha.

1. *\*C'est Zawadi qui nous avons invitée.* Mtenda yupo tayari, *nous*. Kwa hiyo *C'est Zawadi que nous avons invitée.*

2. *\*C'est moi qui va t'accompagner.* "Ni mimi nitakaye…", kwa hiyo *C'est moi qui vais t'accompagner.*

3. *\*C'est mon frère que j'ai demandé de l'argent.* Sentensi ya awali ni *j'ai demandé de l'argent à mon frère*. Kihusishi kimeangushwa njiani: *C'est à mon frère que j'ai demandé de l'argent.*

4. *\*C'est à Lubumbashi où ils se sont mariés.* *À* ipo, basi *que*: *C'est à Lubumbashi qu'ils se sont mariés.*

5. *\*C'est ce sac que je le veux.* *Le* haina kazi: *C'est ce sac que je veux.*

6. *\*C'est les voisins à qui le chien appartient à eux.* Hapa kihusishi kimerudiwa na kiwakilishi kimebaki. Anza upya na *le chien appartient aux voisins*, ng'oa *aux voisins*, unganisha kwa *que*: *C'est aux voisins que le chien appartient.* Msemaji mwepesi atageuza mpangilio pia, *C'est aux voisins qu'appartient le chien*, na mbwa bado ndiye kiima.